Prompti iliyovimba: kipi kifutwe, kipi kiachwe

Tuchukue msaidizi wa mtandaoni wa kampuni ya mabasi, anayejibu abiria kuhusu nauli, ratiba na kubadilisha tiketi. Siku ya kwanza prompti yake ya mfumo, yaani maelekezo ambayo modeli ya akili bandia husoma kabla ya ujumbe wowote wa abiria, ilikuwa na mistari 20. Miezi 9 baadaye ina 140. Hakuna aliyekaa akaiandika hivyo. Abiria alilalamika, mtu akaongeza mstari. Meneja aliona jibu refu mno, mwingine akaongeza wake. Wote waliandika chini kabisa bila kusoma yaliyo juu.

Anayetaka kuifyeka hukutana na hoja nzito: kila mstari uliwekwa kwa sababu, na huenda anayeufuta haijui. Siipuuzi hoja hiyo, na nitairudia. Kwanza tuitazame mistari hii minne:

```
12: Tiketi hubadilishwa hadi saa 24 kabla ya safari.
67: Jibu kwa sentensi 2 tu.
71: Eleza hatua zote za kubadilisha tiketi.
118: MUHIMU: tiketi hubadilishwa hadi saa 48 kabla ya safari.
```

Wa 67 na wa 71 inagongana waziwazi. Modeli ikikuta mgongano wa namna hii, kwa kawaida haisimami kuuliza. Huchagua upande mmoja, na uchaguzi hubadilika kwa jinsi abiria alivyouliza. Ndiyo maana kosa hili huonekana kama bahati mbaya tu. Uliza swali lilelile mara 10: majibu yakigawanyika makundi mawili, mafupi na marefu, tafuta sheria mbili zinazovutana.

Wa 12 na wa 118 ndiyo inayonitia hofu zaidi. Hapo mwanzo ilikuwa nakala mbili za sheria moja. Utaratibu ulipobadilika, nakala moja ikarekebishwa, nyingine ikasahaulika. Sasa yuko abiria atakayeambiwa ana muda, kumbe muda umepita, na nauli yake imepotea. Kwa hiyo marudio si suala la urefu tu: kila nakala ya ziada ni mahali pengine pa kusahau. Ikiwa faili limehifadhiwa kwenye Git, historia hupatikana hivi:

```
git log -S "saa 24" -- prompti.txt
```

Utaona ni lini maneno hayo yaliingia, na kama aliyeyaweka aliandika sababu. Lakini muda upi ni sahihi leo, hilo aulizwe mtu wa ofisi ya tiketi. Fundi asikisie.

Sasa upande wa pili. Wanaosema kufyeka kutapunguza gharama wana hoja dhaifu kuliko inavyoonekana, kwani watoa huduma wengi hutoza bei ya chini kwa sehemu ya mwanzo ya prompti isiyobadilika. Tena si marudio yote ni taka. Prompti ikiwa ndefu, sheria nyeti ikikumbushwa karibu na mwisho inaweza kufuatwa vizuri zaidi. Hilo lipimwe kabla ya kufuta.

Hatari kubwa iko kwenye sheria za mambo adimu. Tuseme mstari wa 94 unasema: abiria akitaja ajali, mpe namba ya dharura, usizungumzie fidia. Unaufuta, unajaribu mazungumzo 60 ya zamani, yote yanapita. Je, hilo linathibitisha kuwa haukuwa na kazi? Hapana. Katika hayo 60 hakuna aliyetaja ajali. Jaribio halikuuliza, basi halikujibu. Hapa wanaopinga ufyekaji wako sahihi kabisa: andika kwanza swali linaloigusa sheria hiyo, ndipo ufikirie kuigusa.

Tofauti na huo ni mstari ulioandikwa kutibu udhaifu wa modeli ya zamani, mara nyingi kwa herufi kubwa: USIWAHI KUTAJA SAA YA KUFIKA. Modeli mpya, inayofuata maelekezo kwa ukaribu zaidi, inaweza kugoma kutaja hata muda wa kufika ulio kwenye ratiba. Huu hauhitaji kufutwa. Unahitaji kuandikwa upya kwa sauti ya kawaida: taja muda wa ratiba, na useme basi linaweza kuchelewa.

Kwa hiyo ningekata kwa makundi, kundi moja kwa siku, na kila swali la majaribio liulizwe mara kadhaa, maana jibu moja zuri halithibitishi kitu. Ukikata yote kwa mkupuo kisha majibu yakaharibika, hutajua ni mkato upi ulioharibu. Ofisi ikithibitisha saa 48, wa 12 unatoka na wa 118 unabaki bila neno MUHIMU. Wa 67 na 71 inaungana: jibu fupi, isipokuwa abiria akiomba hatua. Wa 94 unabaki ulivyo, na sababu yake inaandikwa kwenye faili la pembeni pamoja na tarehe, nje ya prompti.