Ujumbe wa Mtalaka Saa Sita Usiku

"Mume wangu tuliyeachana mwaka jana ameniandikia saa sita na nusu usiku: 'Umelala? Nimepita Mkunguni nikakukumbuka.' Ni upweke tu, au bado ananitaka?" (Mama wa Langoni, Lamu)

Dada yangu, saa peke yake haitoshi kumhukumu. Katika nyumba zetu za mji wa kale, ambamo mama, dada na wapwa hulala chumba hiki na kile, na mchana mwanamume huketi barazani amezungukwa na wenzake, huenda usiku ukawa ndio wakati pekee wa kuandika la moyoni bila kuchunguliwa. Hata hivyo, ni saa hiyo hiyo ambapo uchovu humlegezea mtu hadhari, na kimya cha nyumba humfanya amtafute yeyote aliyewahi kumwitikia.

Maneno aliyoyachagua yana uzito zaidi. "Nikakukumbuka" ni neno la jana. Wanasaikolojia wamebaini kwamba uchungu wa kumbukumbu kwa kawaida hufifia upesi kuliko utamu wake. Kwa hiyo, baada ya mwaka mzima, anayemjia akilini si mke aliyegombana naye juu ya pesa za matumizi, bali yule aliyeketi naye jioni pale Mkunguni. Hapa ndipo penye maumivu, kwa sababu hamu yake yaweza kuwa ya kweli kabisa, na bado asiwe anataka kurudi.

Kwa maoni yangu, usimjibu usiku. Mjibu asubuhi, kwa upole: "Nilikuwa nimelala. Hujambo? Kuna jambo?" Ikiwa ni upweke uliomsukuma, mchana utakuwa umekwisha kupoa, naye atajibu kwa neno moja au atanyamaza, kisha ataibuka tena usiku mwingine. Aliyeshikwa na kumbukumbu atajibu kwa furaha, lakini kila ukimuuliza la leo atakurudisha kwenye la zamani. Mwenye nia huuliza unavyoishi sasa, na hatimaye hugusa lile lililowatenganisha bila kusubiri uanze wewe. Usitarajie hilo katika ujumbe wa kwanza, maana anayeogopa kukataliwa naye huanza na maneno mepesi. Mpe siku kadhaa za mazungumzo ya mchana. (Nawe jiulize kama ungefurahi vilevile lau ujumbe huo ungekufikia adhuhuri, nyumba imejaa watu.)

Kuna jambo moja linalorahisisha kupima. Kama mliachana kwa talaka rejea, eda ya tuhuri tatu imekwisha kupita, hivyo hawezi tena kukurejea kwa neno lake peke yake. Maadamu haikuwa talaka ya tatu, atahitaji kuposa upya, ridhaa yako, walii, mashahidi, mahari mapya na ndoa mpya. Mazungumzo yakiendelea wiki kadhaa na bado hataki hata mmoja wa wazee wake ajue kwamba mnaandikiana, hapo utakuwa umekwisha kupata jibu lako.