Shangazi Kanipima kwa Macho

Viatu sijavua, nimekaa kitandani nahesabu hasara. Nimetoka Mbagala kwenye arobaini ya mtoto wa dada yangu. Mwenye shughuli ni mtoto, aliyejadiliwa ni tumbo langu.

Mjomba alinidaka mlangoni: "Kitambi hicho! Mambo yako si mabaya." Kwa mjomba hiyo ni pongezi, nikasema ahsante. Binamu akauliza upara umeanza lini. Nikamjibu, Jumanne. Yakaisha.

Sasa shangazi. Shangazi akinong'ona, nyumba ya tatu wanaitikia. Yuko mkekani na wenzake, mimi napita na sahani ya pilau, mnofu juu. "Jamani, mtazameni huyu! Juzi kama ufito, leo mtungi!"

Nikawahi, "Shikamoo shangazi." Mimi mtu mzima, nina mbinu zangu. Hata mtu aliyekukamia vipi, shikamoo lazima aiitikie, nawe hapo unapata muda wa kumeza mate na hasira. Baada ya marahaba unakubali kwa neno moja, halafu unamuuliza jambo lake: "Nimeongezeka kweli shangazi. Goti linaendeleaje?" Idi iliyopita nilifanya hivyo, goti likasimuliwa mpaka adhana ya alasiri na tumbo langu likasahaulika.

Leo mdomo ukaniponza. Nikasema, "Nimeongezeka kweli, lakini nimeanza mazoezi." Lakini ya nini? Ukishatoa sababu, umewapa cha kujadili.

"Mazoezi gani?"

"Nakimbia asubuhi, shangazi. Kilomita tatu."

"Unakimbizwa na nani?"

Mkeka mzima ukacheka. Badala ya kunyamaza, nikaanza kufafanua, eti nimepunguza wanga, na pilau mkononi! Mama mmoja akauliza huo wanga ndio huu wa sahanini au kuna mwingine nimeuacha nyumbani. Hapo uungwana ukanitoka. Nikafungua mdomo: "Shangazi, mbona na wewe..."

Mama yangu akainua macho kutoka kwenye sufuria. Macho yale yale ya tangu niko darasa la tatu.

"...mbona na wewe hujapata soda?"

Nikaenda kuitafuta. Kumbe ningeanza na soda! Mtu anayehudumia wageni hasimamishwi akapimwa, na njia ya kwenda kwenye kreti inatosha kupoza kichwa. Nikarudi, nikamfungulia, nikarudia maneno yale yale bila lakini: "Nimeongezeka shangazi. Goti je?"

"Wee mwanangu, usiku silali."

Amani. Ila sahani niliyoiacha mkekani, mnofu haupo. Umebaki wali na mfupa wa kujifariji. Nani kala, hakuna aliyeona, na wote walikuwa na macho ya kuniona mimi nilivyonenepa. Narudi kwa mpakuaji, ananitazama tumboni kwanza, ananiwekea kachumbari.

Nikapanda daladala na njaa yangu. Konda naye: "Kaka mwenye kitambi, banana hapo, siti ya watu wanne hiyo!" Na chenji yangu hajanipa.