Kamera moja, fremu mbili: kukuza picha ya mhadhara kunaficha nini?

"Kaka, nimerikodi mhadhara wa saa nzima kwa kamera moja, picha pana tu, 4K. Nikiukata kwenye kompyuta nikawa naikuza picha mpaka usoni halafu narudi nyuma, ili ionekane tulikuwa na kamera mbili, huo ni ufundi au uongo? Na picha itahimili mpaka wapi?" Ameuliza kijana wa Wete.

Nina mhadhara wangu mmoja wa namna hiyo hiyo, na kwa kuwa niliukosea mara mbili, nitausimulia huo.

Ulikuwa ukumbini Chake Chake. Mwalimu alizungumzia lahaja za visiwani, Kimakunduchi, Kitumbatu na Kipemba, na kila mara alisita ili kutamka neno polepole watu wamwone kinywa. Kamera niliiweka nyuma, kama mita nane kutoka kwake, juu ya stendi. Fremu ilichukua upana wa mita sita hivi: mwalimu, meza, ubao, bango la shughuli ukutani na nguzo moja nyeupe. Mezani kwangu picha ilikuwa nzuri sana. Nilipoitazama kwenye simu iliyosimama wima, kichwa cha mwalimu hakikufika milimita tatu. Ni sawa na kichwa cha njiti ya kiberiti. Mtu anatamka, sisi tunamtazama nukta.

Hiyo ndiyo hoja kubwa ya wanaokuza, na naikubali. Wengi wetu huku tunatazama mihadhara kwenye simu, tena kwa bando la kubana. Picha pana ya saa nzima inamhudumia aliye mbele ya runinga kubwa, basi. Anayesema "acha picha kama ilivyo, ndiyo ukweli" anasahau kwamba hata mtu aliyekaa ukumbini hakutazama ukumbi mzima muda wote. Mwalimu alipotamka neno, macho ya watu yalikwenda kinywani.

Kuhusu kuhimili, hesabu si ngumu. Picha ya 4K ina pikseli 3840 kwa 2160. Ukiihariri kwenye taimlaini ya 1920 kwa 1080, unatumia robo tu ya pikseli hizo, kwa hiyo unaweza kukuza mpaka asilimia 200 kabla ya kompyuta kuanza kubuni pikseli zisizokuwapo. Wengi huishia hapo na kusema 200 ni salama. Mimi sifiki. Picha pana ikipunguzwa kutoka 4K, kila pikseli nne zinakusanywa kuwa moja, chenga za gizani zinafutana na kila kitu kinaonekana kikali. Ukikuza asilimia 200, pikseli moja inabaki moja, na chenga zote zilizojificha zinajitokeza, hasa ukumbi ukiwa na taa hafifu na kamera imepandishwa ISO. Kila picha peke yake inakubalika. Zikifuatana, ya kwanza kavu na ya pili kama imepakwa mafuta, mtazamaji anahisi kitu kimeharibika ingawa hawezi kukitaja.

Kwa hiyo mwalimu wangu nilimkuza asilimia 165. Hapo kipande kinachobaki ni kama pikseli 2327 kwa 1309, bado ni kikubwa kuliko taimlaini, na ukali wa picha mbili haupishani sana. Kwenye DaVinci Resolve ni kufungua Inspector na kuandika 1.650 kwenye Zoom, kisha kusogeza Position mpaka macho yake yakae kwenye theluthi ya juu, na upande anaoutazama ubaki na nafasi zaidi. Angalizo moja: ukiwa unahariri kwa faili ndogo za proxy, usihukumu ukali wa picha mpaka umezizima. Niliwahi kupoteza jioni nzima nikiilaumu lenzi kumbe natazama proxy.

Aliyerikodi 1080 tangu mwanzo hana nafasi hiyo. Akikuza asilimia 150 tu, anabaki na pikseli 1280 kwa 720 zinazovutwa. Simu itasamehe. Projekta ya skuli haitasamehe.

Kosa langu la kwanza lilikuwa fokasi. Nilifika nimechelewa, nikaiachia kamera itafute yenyewe, nayo ikaona herufi kubwa za bango ni rahisi zaidi kuliko mtu mwenye kanzu nyeupe. Kwenye picha pana hukuweza kujua. Nilipokuza, herufi za bango zilisomeka mpaka kingo, na nakshi za kofia ya mwalimu zilikuwa ukungu. Hapo hakuna dawa. Kuongeza ukali kwenye kompyuta kunachora mistari mieusi kandokando ya kofia na kumfanya mtu aonekane amekatwa na mkasi. Siku hizi, kabla watu hawajaingia, naomba mtu asimame atakaposimama mzungumzaji, nakuza kwenye kioo cha kamera yenyewe, naweka fokasi kwa mkono na siigusi tena. Shata naiweka 1/50, kwa kuwa umeme wetu ni wa hezi 50 na taa za ukumbini hazitapepesa. Anayetaka kukuza anaamua kabla ya kurikodi, maana ukikuza picha unakuza na kila uzembe uliomo ndani yake.

Sasa upande wa pili. Je, inafanana na kamera ya pili? Haifanani, na anayekwambia inafanana hajatazama nyuma ya mzungumzaji. Mle ukumbini ile nguzo nyeupe ilikuwa imeota kwenye bega la kushoto la mwalimu. Nilipokuza, mwalimu alikua na nguzo ikakua, vyote kwa kipimo kimoja, na nguzo ikabaki pale pale begani. Kamera ya pili ya kweli, ingewekwa pembeni, ingemtenga mwalimu na nguzo, ungemwona shavu, na ubao ungeinama kidogo. Mabadiliko hayo ndiyo yanayoliambia jicho kwamba tumehama kiti. Kukuza ni sawa na mtu kuinama mbele kwenye kiti kile kile. Kuna kazi nyingi ambazo kuinama mbele kunatosha, ila ukikuuza kukuza huko kwa jina la kamera mbili, umeahidi usichonacho.

Na kama ni kuinama, basi inama kweli. Ukitoka 100 kwenda 115, mtazamaji anaona picha imejikwaa, kama mtu kagonga stendi. Lazima ukubwa ubadilike kiasi cha kueleweka kuwa umekusudia. Mimi chini ya 150 sikati. Hapo ndipo mtu wa 1080 anapobanwa pande mbili: akikuza kidogo picha inajikwaa, akikuza vya kutosha inafifia. Mahali pa kukata ni pale mkono unapoanza kuinuka au kichwa kinapogeuka, kwa sababu jicho linaufuata mwendo na halishughuliki na mshono. Ukikata mwalimu ametulia katikati ya sentensi, hakuna pa kujificha. Wapo wanaokata kila sekunde kumi ili picha "isichoshe". Kwa mhadhara naona ni fujo, na msikilizaji mwenyewe anachoka bila kujua kinachomchosha. Katika saa yangu ile nilikuza mara kumi na saba, karibu zote pale alipotamka neno. Alipogusa ubao nilirudi nyuma mara moja, maana uso mkubwa wa mtu anayeonyesha kwa kidole kitu kisichoonekana ni kero tupu.

Lakini jambo linalonisumbua zaidi wala si la picha. Ukikata maneno kwenye picha pana ukaunganisha, kichwa kinaruka, na kila mtu anaona kuna kitu kimetolewa. Ukikata maneno ukaunganisha kwa kukuza, mruko unafichika. Hiyo ndiyo sababu wahariri wengi wanaipenda njia hii, ingawa hawaisemi kwa sauti. Mara nyingi haina dhara: adhana iliadhiniwa, mwalimu akanyamaza, nami nikaitoa ile kimya ya dakika kadhaa na kurudi kwa picha ya karibu. Hakuna aliyedhulumiwa.

Ila katika kazi ile ile mwalimu alitaja maneno matatu ya Kipemba, akakohoa, akanywa maji, kisha akasema: "Haya nimeyasikia Micheweni, sisemi Pemba nzima wanasema hivi." Nilitoa kikohozi, nikatoa maji, na kwa haraka ya kupunguza dakika nikatoa na ile sentensi, nikaona ni kurudia. Mshono niliuziba kwa kukuza. Ulitoka safi, hata mimi nikiurudia siuoni. Wiki haikuisha mzee mmoja wa Mkoani akanipigia: "Mwanangu, huyo mwalimu wenu kwetu hajafika? Hayo maneno sisi hatuyasemi." Mwalimu alikuwa amejilinda kwa sentensi moja, mimi nikamvua ngao, na picha ikaapa kwamba hakuna kilichotoka.

Kwa hivyo kijana wangu, ukuzaji wenyewe hauna uongo. Uongo huingia kwenye sauti, chini ya ule ukuzaji. Nimejiwekea utaratibu: nakata sauti kwanza nikiwa kwenye picha pana, miruko yote naiona kwa macho, na kila mruko nauliza kama mzungumzaji angekubali uzibwe. Ukuzaji unakuja mwisho. Palipotolewa maneno yake halisi, na si kikohozi au kimya, sizibi kwa kukuza. Naweka giza fupi au picha ya ubao, mtu ajue tumeruka.

Kuna wanaoshauri ukope simu ya rafiki iwe kamera ya pili. Si vibaya, ila usiielekeze usoni. Rangi zake hazitalingana na za kamera, na simu nyingi hurikodi kwa kasi ya fremu inayopandashuka, kwa hiyo baada ya muda midomo na sauti vinaachana. Ielekeze ubaoni, au kwa wasikilizaji. Dakika tano za nyuso za watu wanaosikiliza zitakuokoa kuliko asilimia 200 yoyote, kwa kuwa hiyo ni pembe nyingine kweli.

Ule mhadhara niliurekebisha. Sentensi ya Micheweni niliirudisha na kikohozi chake, picha pana, gilasi ya maji mkononi, kisha nikampelekea kiungo mzee wa Mkoani. Alijibu kwamba sasa sawa, lakini mbona uso wa mwalimu una ukungu na bango linang'aa.