Kumi na Nane Niliyoshindwa Kuiona

Kwa kuwa rafiki yangu amekwisha kueneza kwamba nimefundishwa hesabu na mtoto wa miaka mitano, naomba kusahihisha jambo moja kabla ya yote: mtoto mwenyewe ana miaka tisa.

Mnajua kwamba mimi ndiye niliyejitolea kuwaelekeza wenzangu maswali ya namba inayokosekana, yale ya mtihani wa usaili. Tulianza na pembetatu, na hapo nilikuwa simba. Ya kwanza ilikuwa na 1, 2 na 3 pembeni, na 6 katikati. Nikawaonya kwa sauti ya mtu mzima kwamba hiyo 6 inaweza kuwa jumla na inaweza pia kuwa zao, kwa hiyo pembetatu moja haithibitishi kitu. Ya pili ilikuwa na 2, 4 na 5, na katikati 11. Zao lingekuwa 40, basi kanuni ni kujumlisha. Ya tatu, yenye 3, 6 na 7, ikapata 16 yake, nami nikapata makofi. Kumbukeni onyo hilo, maana nililisahau baada ya dakika kumi hivi.

Likaja jedwali hili:

5   4   9
6   12   2
7   2   ?

Nilisoma safu mlalo ya kwanza: 5 kujumlisha 4 ni 9. Safi kabisa. Nikaingia ya pili kwa kujiamini, lakini 6 na 12 zilidai 18, na pale palikuwa na 2. Mtu mwenye akili angesimama hapo, afute kanuni yake, ajaribu njia nyingine. Mimi niligundua kwamba 12 ukiigawanya kwa 6 unapata 2, nikafurahi kama niliyeokota hazina, nikatangaza kwamba katika jedwali hili kila safu ina tendo lake: ya kwanza inajumlisha, ya pili inagawanya, na ya tatu, kwa hiyo, inatoa. Saba kutoa mbili, tano. Niliiandika 5 kubwa ubaoni, nikaizungushia duara mara mbili.

Mwenzetu mmoja akauliza kwa upole kwa nini tusizidishe tupate 14. Nilimjibu kwamba kutoa ni kuzuri zaidi. (Rafiki yangu anadai nilisema hesabu ni hisia. Sikusema hivyo, ingawa nakiri kwamba nilichosema hakikuwa mbali sana na hicho.)

Hapo ndipo mpwa wangu, aliyekuwa pembeni akichora maua, alipoinua kichwa na kusema, "Mjomba, mbona ukishuka chini zote ni kumi na nane?"

Nataka mwelewe jinsi wakati ulivyokwenda polepole. Niligeuka nikauelekea ubao. Kidole changu kikashuka safu wima ya kwanza: 5 na 6 ni 11, na 7 ni 18. Nikasema moyoni, bahati tu. Kidole kikahamia safu ya pili, nami nikiwa ninaomba kimyakimya kwamba 4 na 12 zisiwe 16, lakini zilikuwa 16, na ile 2 ya chini ikamalizia 18. Nyuma yangu hapakusikika hata mtu kukohoa. Safu ya tatu ilikuwa na 9 na 2, yaani 11, ikibaki 7 tu, na hapohapo palikaa 5 yangu ndani ya maduara yake mawili, ikileta jumla ya 16, ambayo haikufanana na chochote.

Kinachoniuma ni kwamba dalili ilikuwa wazi tangu safu mlalo ya pili. Ikiwa kila safu inahitaji tendo lake, basi safu yenye alama ya kuuliza haibanwi na kitu, na jibu lolote litapita. Ndiyo maana sikuwa na hoja ya kuikataa 14. Safu mbili zilizokamilika zikikubaliana kwa kanuni moja, ya tatu inajibika yenyewe. Zisipokubaliana kwa kulala, unazisoma kwa kusimama kabla hujaanza kubuni miujiza, jambo ambalo mimi, mwalimu, sikulifanya kabisa.

Yaliyofuata ni mafupi. Nilifuta 5, lakini maduara yaligoma kufutika, kwa hiyo 7 ikaandikwa ndani yake kana kwamba nilikuwa nimeitengea nafasi. Swali la duara, ambalo vipande vilivyotazamana vilikuwa 3 na 9, 4 na 16, kisha 6 na alama ya kuuliza, sikuulizwa mimi. Chaki ilipita mbele yangu ikaenda kwa mpwa wangu, naye akaandika 36 bila kuizungushia chochote, akarudi kwenye maua yake.