Mba Zilizosikika Saluni Nzima

Tangu tuweke rafu ya bidhaa pale saluni, msusi wangu mmoja aliacha kuona vichwa, akawa anaona chupa. Kamisheni ilikuwa kwa kila chupa inayotoka. Nilikuwa nimewaambia wote: pendekeza kitu kimoja, mteja akikataa, yaishe. Mwenzetu alishika ile ya kupendekeza tu.

Siku hiyo mama mmoja mtu mzima, mpole, kajaa rola kichwani, yuko chini ya draya inayovuma. Msusi akamwinamia.

"Mama, una mba!"

Mama akaweka mkono sikioni. "Eti?"

"Una mba!"

Bado. Msusi akavuta pumzi kama muadhini: "MBA, MAMA! MBA NYINGI!"

Na draya ikachagua sekunde hiyohiyo kufika mwisho wa muda wake. Ti! Kimya. Saluni nzima ikageuka. Dada aliyekaa jirani akavuta kiti chake pembeni, polepole, kwa adabu zote.

Kumbe mama alikuwa akiitikia kwa kichwa muda wote akidhani anaulizwa kama joto linatosha. Kwa kila "ndiyo" yake kilishawekwa kitu kaunta: shampuu ya mba, kondishena, mafuta ya ngozi ya kichwa, kitana, na kofia ya kulalia.

Nikamfungua rola moja. Ungaunga mweupe ulikuwepo kweli, ila umeng'ang'ania kwenye nywele, mkavu, na kwenye ngozi hakuna kitu. Nikauweka kiganjani, nikadondoshea tone la maji, nikasugua. Ukayeyuka, ukateleza. Jeli! Mba haiyeyuki hivyo, na mara nyingi ina mafutamafuta. Jeli ya wiki iliyopita, tena aliyempaka ni msusi huyohuyo.

Mama alicheka mpaka rola zikadondoka. Dada jirani akarudisha kiti.

Siku hizi maneno ya bidhaa yanasemwa kwenye sinki, chupa ikiwa mkononi na kazi ikiendelea. Msusi anaanza kwa kuuliza, "Nywele zinakusumbua nini ukiwa nyumbani?" Akijibiwa kwamba zinakatika ncha, anasema, "Ndiyo maana leo nakupaka hii, hebu inuse," kisha anaendelea kuosha. Jina la bidhaa anaandika kwenye kadi, mteja anaondoka nayo. Kaunta ni kulipa tu, maana mtu aliyeshika pochi kila neno analisikia kama deni. Kamisheni nayo inatoka mteja akirudi kununua chupa ya pili. Hiyo ndiyo iliyowatuliza, kwa sababu aliyelazimishwa harudi.

Ila msusi wangu sasa amepitiliza upande wa pili. Juzi mzee mmoja mwenye upara unaong'aa alitaka shampuu ya kumpelekea mkewe. Mwenzetu akamkatalia katakata.

"Samahani baba, mpaka nizione nywele kwanza."