Eksesi kubwa, ada ndogo: hesabu ya gari la milioni 20

"Wakala wangu wa bima hapa Mwanjelwa anasema nikikubali eksesi ya juu, ada ya bima kubwa itapungua. Nikubali?"

Inategemea punguzo ni shilingi ngapi, na eksesi yenyewe inahesabiwaje. Watu wengi huuliza la kwanza na kusahau la pili.

Eksesi ni sehemu ya hasara unayobeba mwenyewe kabla bima haijaanza kulipa. Ada hushuka eksesi ikipanda kwa sababu ajali nyingi ni ndogo: bampa limechubuka stendi, taa imevunjwa na bajaji, kioo cha pembeni kimeondoka. Kila dai la namna hiyo linaitaka kampuni itume mkaguzi, ipitie makadirio ya gereji na kushughulikia makaratasi, hata kama tengenezo ni la laki mbili. Ukizibeba hizo mwenyewe, unaipunguzia gharama, nayo inakurudishia kiasi. Lakini punguzo halipandi sambamba na eksesi. Hatua ya kwanza ndiyo inayoondoa madai mengi. Ukiendelea kupandisha, madai yanayoondoka ni machache, na punguzo linazidi kuwa dogo.

Tuchukue mfano. Gari lina thamani ya milioni 20. Mkataba wa kwanza una ada ya asilimia 4, yaani 800,000 kabla ya kodi, na eksesi ya asilimia 10 ya dai, isiyopungua 300,000. Wa pili una ada ya asilimia 3.5, yaani 700,000, na eksesi ya 1,000,000 isiyobadilika. Unaokoa laki moja kwa mwaka.

Sasa gari linagongwa kwa nyuma kwenye foleni ya Mafiati, na tengenezo ni 1,400,000. Kwenye mkataba wa kwanza asilimia 10 ni 140,000, lakini kiwango cha chini kinakubana, kwa hiyo unalipa 300,000 na bima inamalizia 1,100,000. Kwenye wa pili unalipa milioni nzima, bima inatoa 400,000 tu. Tofauti ni laki saba. Kuifidia kwa punguzo la laki moja kwa mwaka, unahitaji miaka saba bila ajali ya aina hiyo. Kwa anayeendesha kila siku kati ya Uyole na Mbalizi, katikati ya malori yanayokwenda Tunduma na ukungu wa asubuhi, mimi naona hilo ni punguzo dogo mno.

Ila hesabu hiyo inageuka ajali ikiwa kubwa. Gari likiteleza mteremko wa Kitonga na tengenezo likafika milioni 12, asilimia 10 inakuwa 1,200,000, wakati eksesi isiyobadilika imebaki milioni moja. Ile iliyoonekana ndogo sasa ndiyo kubwa. Ndiyo maana maneno ya kutafuta kwenye mkataba ni "asilimia ya dai" na "isiyopungua". Hayo mawili yanakwambia utaumia wapi: kwenye ajali ndogo au kubwa.

Upande wa eksesi kubwa una hoja ya kweli kwa mtu mwenye akiba. Kama una milioni moja benki isiyoguswa, na gari linatoka Jumapili kwenda kanisani na mwisho wa mwezi kwenda Tukuyu, bima unaihitaji kwa balaa lisilobebeka, si kwa taa. Tena usipopeleka madai madogo unalinda punguzo la kutodai, kama kampuni yako inalitoa.

Anayeishi kwa gari, mwenye teksi kwa mfano, yuko upande mwingine kabisa. Eksesi ni fedha taslimu, na kwa kawaida gereji haikuachii gari mpaka sehemu yako ilipwe. Kama huna milioni hiyo, gari linakaa uani wiki tatu huku marejesho ya mkopo yakikusubiri. Na usidhani eksesi inakuhusu tu ukiwa na kosa. Bima yako huikata hata ukigongwa ukiwa umesimama. Kuirudisha kutoka kwa aliyekugonga au bima yake ni safari nyingine, inayoanza na ripoti ya polisi.

Kuna kikomo pia. TIRA, mamlaka inayosimamia bima nchini, huweka viwango vya chini vya ada. Kama tayari unalipa kiwango hicho, wakala hana mahali pa kushusha, na kupandisha eksesi ni kutoa bila kupewa. Kwa hiyo kabla ya kukubali, mwombe akuandikie ada mbili kwa gari lilelile, moja na eksesi ya sasa na nyingine na ya juu. Aongeze mstari wa eksesi ya wizi na ya dereva mwenye leseni mpya, maana mara nyingi hizo husimama peke yake, na huwa kubwa kuliko ile uliyotajiwa.