Chupa 28 za Muujiza

Katika ukoo wetu hapa Goma, mtu akishasoma chuo hata kwa mwaka mmoja tu, kila karatasi yenye mistari huwekwa mbele yake. Ndivyo nilivyojikuta, siku ya arusi ya binti wa baba mdogo, nimekalishwa kwenye meza ya vinywaji katika ukumbi mmoja wa Ndosho, nikiwa na kalamu ya bluu, karatasi moja ya daftari la hesabu, na amri ya kutoruhusu chupa yoyote kuvuka meza bila kuandikwa.

Amri hiyo ilikuwa na sababu yake. Vinywaji tulivichukua depo kwa masharti ya kulipia chupa zitakazofunguliwa na kurudisha zitakazobaki nzima, na wazee wa pande mbili walikuwa wamekubaliana kwamba bia italipiwa na ukoo wa bwana arusi, ilhali sukre, jina tunaloziitia soda zote bila kujali rangi yake, na maji vitakuwa juu yetu. Kwa hiyo haikutosha kujua kwamba zimenyweka chupa kadhaa. Ilitakiwa ijulikane ni ngapi za kila aina, maana kijiti kimoja kikiangukia mstari usio wake, ukoo mmoja unamnywesha mwenzake bure.

Juu kabisa ya karatasi niliandika tulichopokea: kreti 10 za bia zenye chupa 12 kila moja, ambazo ni chupa 120; kreti 6 za sukre zenye chupa 24 kila moja, ambazo ni 144; na mafurushi 4 ya maji yenye chupa 12, ambazo ni 48. Jumla ilikuwa chupa 312. Hilo ndilo jambo pekee la busara nililolifanya usiku ule, na nililifanya kwa kuwa wageni walikuwa hawajafika na sikuwa na kazi nyingine.

Chini yake nilichora mistari mitatu, mmoja kwa kila aina, na safu mbili: moja ya kabla ya chakula na nyingine ya baada ya chakula. Kila chupa iliyotoka niliiandikia kijiti kilichosimama. Vikishatimia vijiti vinne, chupa ya tano sikuisimamishia kijiti chake bali niliilaza mshazari juu ya vile vinne, kisha nikaanza fungu jipya pembeni. Faida ya utaratibu huo ni kwamba jicho hutambua vitu vinne kwa mtazamo mmoja bila kuhesabu, lakini vikifika sita au saba vilivyopangana hulazimika kuvinyooshea kidole. Mwishoni mtu huhesabu mafungu, huzidisha kwa tano, hujumlisha vijiti vilivyobaki bila kufungwa, na kazi imekwisha. Safu yangu ilikuwa nadhifu: bia mafungu 9 na vijiti 3, yaani 48, sukre mafungu 14 na kijiti 1, yaani 71, maji mafungu 4 na vijiti 2, yaani 22. Jumla 141.

Kisha sambaza zikaletwa.

Mtu aliyekulia kando ya Ziwa Kivu hawezi kukaa na kalamu mkononi huku harufu ya visamaki hivyo vya ziwani vilivyokaangwa vizuri inapita mbele yake. Nilimwita shemeji, mume wa dada yangu, fundi seremala wa chukudu, zile baiskeli za mbao za kubebea mizigo, ambaye hanywi na hapendi kucheza, mtu aliyeumbiwa kukaa kwenye meza ya namna hiyo. Aliitazama karatasi yangu kwa muda kama anavyotazama ubao kabla ya kuukata, akasema, “Nimeelewa, shemeji. Unafunga tano tano.” Nikamjibu kwamba ndiyo, nafunga tano tano. Sote wawili tulisema kweli, na ndiyo maana hapakuwa na njia ya kugundua lolote. Nilienda kula, na kwa kuwa sahani ya pili ilifuata ya kwanza, sikurudi mezani hadi saa saba za usiku.

Jenereta ilikuwa imezimwa, ukumbi ulikuwa unafagiliwa, na wazee wa pande zote mbili walikuwa wamekaa kwenye nusu duara wakingoja hesabu. Nilimulika karatasi kwa tochi ya simu. Safu ya shemeji ilikuwa na duara za maji zilizoachwa na vitako vya chupa, na mafungu yake yalikuwa yamebanana. Nikaona ni vema, kwa ajili ya uaminifu, nisizidishe kwa tano kwa mazoea tu, bali nihesabu kijiti kimoja kimoja. Hapo nikakuta kwamba kila fungu lake lilikuwa na vijiti vitano vilivyosimama na mshazari juu yake. Sita! Nilitabasamu kwa huruma ya msomi, nikajiambia kwamba shemeji wa watu amezidisha kijiti kimoja kabla ya kufunga, lakini si neno, mradi kila kijiti ni chupa. Bia mafungu 13 na vijiti 4: nikaandika 82. Sukre mafungu 12 na vijiti 2: 74. Maji mafungu 3 na vijiti 3: 21.

Sasa nikafanya lile ambalo lilinipa kiburi. Nilijumlisha kwa mistari: bia 48 na 82 ni 130, sukre 71 na 74 ni 145, maji 22 na 21 ni 43, na zote pamoja ni 318. Kisha nikajumlisha kwa safu: 141 yangu na 177 ya shemeji ni 318. Jumla kuu imekutana kutoka njia mbili! Nilisimama, nikakohoa, nikatangaza kwamba hesabu imefunga, na kwamba imehakikiwa.

Mama mkubwa, aliyeuza samaki sokoni miaka mingi kuliko umri wangu, aliuliza swali moja tu: “Tulileta ngapi?”

Nikasoma juu ya karatasi. Chupa 312.

Palikuwa na kimya. Kijana wa kubeba kreti, ambaye hakuna aliyemwuliza, akaongeza kwamba pembeni bado zipo nzima bia 3, sukre 11 na maji 8. Kwa hiyo, kwa mujibu wa karatasi yangu iliyohakikiwa, tulileta chupa 312, wageni wakanywa 318, na bado zikabaki 22.

Mama mmoja alianza kuimba taratibu wimbo wa sifa. Mtu akataja Kana ya Galilaya. Mzee wa kanisa aliyekuwa miongoni mwetu aliomba aione karatasi, akapitisha kidole kwenye mistari, akasema kwamba muujiza wa sukre anaweza kuushuhudia Jumapili, lakini ule wa bia angependa uchunguzwe kwanza. Mjomba wa bwana arusi hakuwa na habari ya miujiza. Yeye alikuwa ametakiwa kulipia bia 130 kutoka kreti zenye bia 120, na alitamka kwa sauti ya ukumbi mzima kwamba kuna mtu ameingiza bia za nje na kuziuza kwenye sherehe yetu. Mkoba wa kijana wa kreti ulipekuliwa. Yalipatikana maandazi mawili na kiatu kimoja cha mmoja wa wasindikizaji wa bibi arusi, jambo lililozua kesi nyingine ambayo si ya kusimuliwa hapa.

Mama mkubwa alikuwa amekwisha kutuacha. Alikuwa ameinama kwenye kreti akihesabu chupa tupu, kwa sababu, alisema, chupa tupu haijui kuandika uongo. Za bia zilikuwa 117. Za sukre zilikuwa 132 pamoja na shingo ya moja iliyovunjika chini ya meza ya wapiga ngoma, kwa hiyo 133. Za maji ni za plastiki na zilikuwa zimekanyagwa na kutupwa, kwa hiyo hizo tulizipata kwa kutoa: 48 zilizoletwa, 8 zilizobaki, 40 zilizotumika. Jumla 290.

Nilichukua karatasi yangu na kutoa 290 kwenye 318. Zimezidi 28. Nikatoa tena mstari kwa mstari: bia zimezidi 13, sukre 12, maji 3. Nilizitazama tarakimu hizo kwa muda, nikihisi kwamba nimeshaziona mahali. Kweli nilikuwa nimeziona. Zilikuwa zimeandikwa kwa mkono wangu mwenyewe, kandokando ya safu ya shemeji: mafungu 13, mafungu 12, mafungu 3. Ziada ilikuwa chupa moja kwa kila fungu lake, bila kupungua wala kuongezeka.

Nilielewa pia kwa nini ule uhakiki wangu wa njia mbili ulinidanganya. Kujumlisha kwa mistari na kwa safu hukamata kosa la kujumlisha peke yake. Lile 82 lilikuwa limekosewa tangu lilipogeuzwa kutoka vijiti kuwa tarakimu, na kosa hilo liliingia kwenye mstari wa bia na kwenye safu ya shemeji kwa uzito uleule, likatoka pande zote mbili likiwa limevaa suti. Ni kitu kilichohesabiwa bila kupitia vile vijiti, kama zile chupa tupu, ndicho kingeweza kunipinga.

Shemeji aliamshwa kwenye viti vya nyuma. Nilimwonyesha fungu moja na kumwuliza, kwa upole uliobaki, kwamba huu mshazari ni chupa ya ngapi.

“Si chupa,” akasema. “Hiyo ni kamba. Mbao tano, kamba moja. Shemeji, umewahi kulipia kamba?”

Mjomba wa bwana arusi alilipia bia zake 117, akanishika mkono kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika, na kuniuliza chuo nilichosoma ni kipi, ili asije akapeleka mtoto.

Basi ilipofika siku ya ubatizo wa mjukuu wa Mama mkubwa, nikapewa tena meza, kwa adhabu nadhani, na safari hii nilikuja na dawa. Niliacha vijiti nikachukua mraba, ule tuliokuwa tukiuchora ubaoni shuleni tulipopiga kura ya kiongozi wa darasa: chupa nne ni pande nne za mraba, na ya tano ni mshazari wa kutoka kona hadi kona. Uzuri wake ni kwamba mraba una pande nne tu, kwa hiyo hata seremala hawezi kuusimamishia upande wa tano. Nilimweleza shemeji, nikamchorea mmoja, naye akatikisa kichwa kwa furaha ya mtu aliyeonyeshwa kazi ya fani yake.

Jioni karatasi ilizidi chupa tupu kwa 17. Sikungoja wimbo wala upekuzi. Nilihesabu miraba ya shemeji, ikawa 17, nikaenda kumkuta uani.

“Lakini shemeji,” akasema, akishangaa kweli, “fremu ya pande nne ukiiacha hivyohivyo huyumba. Ule mshazari ni wa kuikaza.”